Kwa nini kompyuta huvuruga Kiswahili chenye Kiingereza ndani yake?

"Nimerekodi mwongoza watalii pale magofu ya Kaole, Bagamoyo. Anachanganya Kiswahili na Kiingereza. Nikiipa Whisper iandike, inatoa maajabu. Kwa nini, na nirekebishe vipi kabla ya kuweka manukuu kwenye video?"

Anza na sekunde 30 za mwanzo. Whisper, programu ambayo OpenAI iliitoa mwaka 2022, usipoitajia lugha husikiliza kipande hicho tu, ikaamua lugha, kisha ikang'ang'ania uamuzi huo hadi mwisho wa faili. Mwongozaji akianza kwa kuwakaribisha wageni kwa Kiingereza, umekwisha: "wamebuku" itaweza kutoka `we may book`. Kwa hiyo itajie lugha mwenyewe:

```
whisper kaole.mp4 --model large-v3 --language sw --output_format srt --initial_prompt "Kaole, Dunda, wamebuku"
```

Hayo maneno ya mwisho ni ya kuidokeza majina na maneno itakayokutana nayo. Lakini dokezo huingia kwenye kipande cha kwanza tu, kwa hiyo kwenye rekodi ndefu nguvu yake hufifia.

Hata hapo, neno lenye kichwa cha Kiswahili na mwili wa Kiingereza bado litaisumbua. Programu haiandiki sauti kama ilivyo. Hukisia neno linaloelekea kufuata. Tuseme mwongozaji kasema "wageni wamebuku boti ya saa nne". Inaweza kuandika "wageni wamevuka boti ya saa nne". Sentensi inasomeka vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Takataka utaiona tu; kosa lililovaa nguo safi litapita mbele ya macho yako, na kikagua tahajia hakitalalamika.

Ndiyo maana masahihisho hufanywa kwa masikio. Vaa hedifoni, cheza kipande kifupi huku ukisoma, na tega sikio zaidi kwenye vitenzi: ni buku au vuka, ni "tulipata" au "hatukupata"? Usibadilishe "wamevuka" zote kwa mkupuo, maana huenda mbele kuna wageni waliovuka kweli. Mstari mmoja ukijirudia mara nyingi pale ambapo kuna upepo au injini ya boti tu, ufute: programu imejitungia.

Kwenye faili la manukuu la `.srt` litakalotoka, gusa maneno, muda uuache:

```
14
00:01:12,400 --> 00:01:15,900
Wageni wamebuku boti ya saa nne.
```

Alama ya mkato kabla ya 400 si kosa, usiigeuze nukta. Kukata mistari kuje mwisho, kwa sababu neno lililosahihishwa laweza kurefusha mstari. Watengenezaji wengi hawazidishi mistari miwili kwa wakati mmoja, kila mmoja herufi 42 hivi. Ukikata, usiache "wageni" juu na "wamebuku" chini ikiwa vyote vinatosha pamoja.