Barua ya kusudio na ukomo wake

"Nimeshapewa barua ya kusudio, kazi ni yangu. Si niagize tu vifaa vyote?"

Hapana. Barua hiyo ni ruhusa ya mteja kuanza sehemu ya kazi kabla mkataba haujasainiwa, kwa hiyo soma kwanza aya ya ukomo wa malipo. Chukua mfano wa ghala linalojengwa Kurasini, kazi ya shilingi bilioni 2. Barua inamruhusu mkandarasi kuingia saiti, kuweka uzio na kuchimba msingi, kwa gharama isiyozidi milioni 120, ndani ya siku 30, akishaleta bima. Yeye, kwa kuhofia bei kupanda, anaagiza nondo zote za milioni 200. Mkataba ukikwama, mteja atalipa kazi iliyoruhusiwa tu, tena hadi milioni 120. Nondo zitabaki mzigo wa mkandarasi, na faida aliyoitarajia halipwi.

Kinachoniuma zaidi ni siku ya 31. Barua imeisha, mafundi bado wanachimba, na hakuna aliyeandika kuongeza muda. Mteja anasema ruhusa imekwisha. Mkandarasi anasema msimamizi alikuwepo akitazama. Kwa hiyo omba nyongeza kwa maandishi mapema, kabla muda au fedha hazijafika ukomo, na jibu lisipokuja, simamisha kazi. Kwa kawaida barua husema pia kwamba mkataba ukisainiwa, kazi hiyo inaingia ndani yake na malipo yaliyokwisha kutolewa yanakatwa kwenye bei ya mkataba.