Bosi kusoma baruapepe zako za kazini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kompyuta ni ya kampuni, kwa hiyo kila kilichoandikwa humo ni cha kampuni.

Mashine ni ya kampuni kweli. Mazungumzo yaliyopita ndani yake ni suala jingine, na kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania inaonyesha kwa nini. Huyu alikuwa mhandisi wa mauzo mjini Bucharest. Mwajiri alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger, huduma ya ujumbe wa papo kwa papo, ili kuwajibu wateja. Julai 2007 kampuni ilifuatilia akaunti hiyo kwa siku kadhaa, kisha ikamuita. Akajibu kwa maandishi kwamba anaitumia kwa kazi tu. Muda si mrefu akawekewa mezani kurasa 45 za mazungumzo yake, yakiwemo aliyofanya na ndugu yake na mchumba wake kuhusu afya na mambo ya faragha kabisa. Akafukuzwa kazi.

Mahakama za kwao zilimkatalia. Mwaka 2016 majaji wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nao walimkatalia. Septemba 2017 jopo kubwa la mahakama hiyohiyo likageuza uamuzi kwa kura 11 dhidi ya 6: haki yake ya faragha ilivunjwa. Uamuzi huo hauzibani nchi zilizo nje ya Baraza la Ulaya, ambalo ndilo lenye mahakama hiyo, ila maswali yaliyoulizwa na majaji yanafaa popote, na yanahusu baruapepe sawa na ujumbe wa papo kwa papo.

Dhana: Ulisaini sera ya kampuni, basi uliridhia.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, waajiri kwa wafanyakazi. Bărbulescu alijua kwamba kanuni zilikataza mambo binafsi kwenye vifaa vya ofisi. Alikuwa amesaini hata waraka uliotaja mfanyakazi mwenzake aliyefukuzwa kwa kosa la namna hiyo. Majaji hawakuona kuwa hilo linatosha. Kukatazwa kutumia ni jambo moja, kuambiwa kwamba utasomwa ni jingine. Hakuwa ameelezwa mapema ufuatiliaji utafika wapi, wala kwamba maneno yenyewe yatasomwa.

Kwa hiyo taarifa ya haki hutolewa kabla ufuatiliaji haujaanza. Inasema kinachoangaliwa ni nini: ni anwani na saa tu, au na maandishi ya ndani? Inasema nani anaangalia, kwa sababu gani, na kumbukumbu zinatunzwa muda gani. Sentensi ya "kampuni ina haki ya kufuatilia mifumo yake" haijibu hata swali moja kati ya hayo. Na saini yenyewe tusiitukuze. Anayeombwa ridhaa na mtu anayemlipa mshahara ana nafasi gani ya kukataa?

Dhana: Basi mwajiri haruhusiwi kugusa baruapepe.

Anaruhusiwa, akiwa na sababu ya kweli na akianza na njia inayoingilia kidogo. Tuseme orodha ya wateja imemfikia mshindani na anashukiwa karani mmoja. Fundi wa mifumo haanzi kwa kufungua kisanduku chake chote. Anatoa kwanza rekodi za seva: barua zilizotoka kwenda kwa mshindani huyo katika wiki mbili za tukio, saa zake na ukubwa wa viambatisho. Zikipatikana tatu zenye viambatisho vizito, zinafunguliwa hizo tatu, mbele ya mtu wa rasilimali watu, na inaandikwa nani kaona nini. Barua ya karani kwa daktari wake inabaki ilivyo. Ukiona mchunguzi ameanza na maandishi yote ya miezi sita "ili tuone kuna nini", ujue anawinda, hachunguzi.

Dhana: Nikiandika "binafsi" kwenye folda, nimejikinga.

Inategemea nchi, na hata neno ulilochagua. Mfanyakazi wa shirika la reli la Ufaransa aliipa diski ya kompyuta ya kazini jina la "données personnelles", yaani data binafsi. Sheria ya huko ilizuia mwajiri kufungua faili zilizotajwa wazi kuwa za faragha bila mwenyewe kuwepo au kuitwa, isipokuwa pana hatari maalumu. Mahakama za Ufaransa ziliona jina lile halikutamka faragha waziwazi, na mwaka 2018 mahakama ileile ya Ulaya haikuona haki yake imevunjwa. Mimi naona hukumu hiyo ilikuwa kali, lakini ndiyo iliyopo.

Dhana: Nikifuta, imefutika.

Kwenye kisanduku chako, ndiyo. Nakala inaweza kuwa bado kwenye seva, kwenye hifadhi ya akiba, na kwa uliyemwandikia. Ndiyo maana muda wa kutunza kumbukumbu unapaswa kutajwa kwenye taarifa ile ya mwanzo, kwa siku au miezi, si kwa maneno ya "kadiri itakavyohitajika".