Kufupisha ujumbe: kutoka tangazo refu hadi meseji moja

Kufupisha ujumbe si kukata herufi hadi "sana" iwe "xna". Ni kuamua msomaji anahitaji nini ili aweze kutenda, ukaacha hayo pamoja na heshima yake, na mengine ukayaondoa. Vijijini Tabora, ambako wafugaji wengi wanatumia simu ya kitochi na meseji ya mzee husomwa kwa sauti na mjukuu, vifupisho vya vijana ni mzigo mwingine juu ya mzigo.

Niliwahi kupewa tangazo la namna hii nilitume kwa wafugaji:

"Ofisi ya Mifugo ya Kata inapenda kuwataarifu wafugaji wote kuwa, kufuatia kukamilika kwa maandalizi, zoezi la utoaji wa chanjo dhidi ya ugonjwa wa homa ya mapafu ya ng'ombe litafanyika siku ya Jumatano tarehe 14 Mei kuanzia saa 1:00 asubuhi katika josho la kijiji. Wafugaji mnaombwa kuhudhuria bila kukosa, kuzingatia muda na kutoa ushirikiano kwa wataalamu. Tunatanguliza shukrani."

Kiswahili chake ni safi. Nikalituma kama lilivyo. Siku ya chanjo mzee mmoja alifika josho mapema kabisa, fimbo mkononi, bila ng'ombe hata mmoja. Aliambiwa ahudhurie, akahudhuria. Tangazo linaomba mambo matatu, na la kuleta ng'ombe halimo.

Kwa hiyo kazi huanzia mwishoni: mtu huyu afanye nini? Awalete ng'ombe wote. Hicho ndicho kitendo, na kiwe kimoja. Kisha yale ambayo yakikosekana kitendo hakifanyiki: chanjo gani, siku, saa, mahali, na nani anaita. Siku ile hakukuwa na malipo. Yangekuwepo, bei ingebidi iwemo, maana mtu hawezi kuswaga ng'ombe 40 halafu aambiwe arudi nyumbani kufuata hela. "Kufuatia kukamilika kwa maandalizi" ni habari ya ofisi, mfugaji haimsaidii.

Jaribio la kwanza likawa hivi:

"Ndugu mfugaji, chanjo ya ng'ombe ya homa ya mapafu ni Jumatano 14 Mei, saa 1 asubuhi kwenye josho la kijiji. Tafadhali leta ng'ombe wote. Asante. Ofisi ya Mifugo"

Ukihesabu pamoja na nafasi na alama, ni herufi 161. Meseji moja inabeba 160, basi hii itahesabiwa mbili. Hapo wengi hufuta "tafadhali". Usiifute. Ukiifuta, ofisi inaonekana inamwamrisha mtu mwenye umri wa baba yako. Tafuta neno lililosemwa mara mbili: ng'ombe wametajwa tayari, kwa hiyo "leta ng'ombe wote" inatosha kuwa "walete wote". Zinabaki 155, na heshima iko palepale.

Kuna mtego mwingine, na sisi tunaoandika "ng'ombe" kila siku unatunasa zaidi ya wengine. Mtandao hubeba meseji katika baiti 140. Herufi za kawaida huchukua biti 7 kila moja, ndiyo maana zinaingia 160. Ikitokea alama moja tu nje ya orodha hiyo ya kawaida, ujumbe wote huhamia kwenye biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi 70. Ritifaa iliyonyooka (') imo kwenye orodha. Ile iliyopinda (’), ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe, haimo. Ukinakili tangazo kutoka kwenye kompyuta, herufi zako 155 zinageuka meseji tatu, kwa sababu ujumbe uliogawanywa hubakiwa na herufi 67 tu kwa kila kipande. Nafasi nyingine huliwa na namba za kuviunganisha. Vikatuni vya uso na mstari mrefu wa kistari hufanya vilevile.

Utajuaje? Simu nyingi huonyesha namba mbili karibu na kitufe cha kutuma. 5/1 maana yake zimebaki herufi 5 kwenye meseji ya kwanza. Ukiona 46/3 kwa maneno yaleyale, futa ritifaa na uiandike upya kwa mkono, kisha angalia tena. Ukituma kwa wafugaji 200, tofauti ni meseji 200 au 600 kwenye salio lako.

Jambo dogo la mwisho ni "kesho". Ni fupi kuliko "Jumatano 14 Mei" na inavutia unapobanwa na nafasi. Lakini simu iliyozimika chaji Jumanne hupokea meseji ikiwashwa Jumatano jioni, na mwenyewe ataswaga ng'ombe hadi josho Alhamisi alfajiri.