Kupita «mara moja» si kupita upesi

Katika mafunzo ya programu nimesikia tena na tena kwamba njia ya vielekezi viwili huondoa nodi ya n kutoka mwisho wa orodha iliyounganishwa, ambamo kila nodi hubeba thamani na kiungo cha nodi inayofuata, kwa nusu ya kazi ya anayehesabu urefu wa orodha kwanza, kwa kuwa «inapita mara moja». Maana ya dhana hii ni fupi: algoriti hupita orodha mara moja inapoisoma kutoka kichwani hadi mkiani bila kurudi kichwani kuanza upya. Idadi ya hatua haimo katika maana hiyo.

Nadhani lugha yetu yenyewe inachangia kosa hili. «Mara moja» kwetu ina maana mbili: mzazi anayemwambia mtoto «njoo mara moja» anataka aje sasa hivi, na anayesema «nimekwenda Pemba mara moja» anahesabu safari. Istilahi yetu ni ya kuhesabu safari, lakini sikio linapokea ile ya haraka. Wengine wamejaribu kusema «mpito mmoja», ila mpito tumeshauzoea katika «serikali ya mpito», yaani hali ya kutoka jambo moja kwenda jingine, kwa hiyo msomaji anapotea upande mwingine. Zama za tepu za sumaku jambo hili lilionekana kwa macho: tepu ilipita chini ya kichwa cha kusomea kutoka mwanzo hadi mwisho, na aliyetaka kuisoma tena alilazimika kuirudisha nyuma kwanza. Kilichohesabiwa ni safari za tepu.

Tuchukue orodha mbili zilizopangwa, 3, 8, 15 na 5, 8, 20, tuziunganishe ziwe moja iliyopangwa. Tunalinganisha vichwa vya orodha zote mbili, tunachukua kilicho kidogo, tunasogea mbele katika orodha kilikotoka. Tunachukua 3, kisha 5, kisha 8 ya orodha ya kwanza, kwa sababu thamani zinapolingana tunaipa ya kwanza nafasi ili mfuatano wa asili usivurugike, kisha 8 ya pili, kisha 15. Orodha ya kwanza imekwisha, basi 20 inafungwa mkiani bila kulinganishwa na chochote. Ulinganisho ni 5 kwa nodi 6, na hakuna orodha iliyorudiwa. Huku ni kupita mara moja, na hakuna anayebishana.

Ubishi huja tunapotaka kuondoa nodi ya 2 kutoka mwisho wa orodha hiyo mpya, yaani 15. Tunaweka nodi bandia kabla ya 3, na vielekezi vyote viwili vinaanzia hapo:

```python
bandia = Nodi(0, mwanzo)
mbele = nyuma = bandia
for _ in range(n):
    mbele = mbele.next
while mbele.next:
    mbele = mbele.next
    nyuma = nyuma.next
nyuma.next = nyuma.next.next
return bandia.next
```

Kielekezi `mbele` kinatangulia hatua 2 na kusimama kwenye 5. Kisha vinatembea pamoja hatua 4, `mbele` kifike 20 na `nyuma` kifike 8 ya pili, ambayo inaunganishwa na 20 moja kwa moja. Nodi bandia inahitajika pale nodi ya kuondolewa inapokuwa ya kwanza kabisa, kwa sababu bila hiyo `nyuma` hakina pa kusimama. Na n ikizidi urefu wa orodha, `mbele` kitakuwa `None` na programu itaanguka kwa `AttributeError`, kwa hiyo sharti hilo likaguliwe kabla.

Sasa tuhesabu. Kwa vielekezi viwili, `mbele` kimesogea mara 6 na `nyuma` mara 4, jumla 10. Anayehesabu urefu kwanza anasogea mara 6, kisha anarudi kwenye nodi bandia na kusogea mara 4, jumla 10 vilevile. Kwa urefu wowote L, zote mbili ni 2L − n.

Faida ya kweli iko kwingine, nayo inategemea n. Orodha ikiwa kubwa kuliko kumbukumbu ya karibu ya prosesa, anayerudi kichwani huenda akazikuta nodi za mwanzo zimeshaondolewa humo, na hulazimika kuzileta upya kutoka kumbukumbu kuu. Kielekezi `nyuma` kinafuata kwa umbali wa nodi n tu, na n ikiwa ndogo kinagusa nodi zilizosomwa punde. Ikiwa n inakaribia nusu ya orodha hiyo kubwa, umbali huo ni mrefu na faida inaweza kutoweka.

Kwa hiyo ningependa tuseme njia hii «inapita bila kurudi mwanzo». Ni maneno marefu kidogo kuliko «mara moja», lakini hayamwahidi msikilizaji haraka.