Skripti mbili, taa moja: kumwandikia mwanafunzi na kumwandikia mzazi

Skripti mbili za kutangaza bidhaa moja huandikwa pale anayeitumia bidhaa si yule anayeilipia. Mwanafunzi anauliza, "Itanisaidiaje leo usiku?" Mzazi anauliza, "Hela yangu itarudi vipi, na ikiharibika?" Kinachobadilika ni swali unaloanza nalo. Sifa za bidhaa hazibadiliki.

Tuseme unaandika tangazo la redio la nusu dakika, maneno kama 60 hivi, kuhusu taa ya sola ya kusomea. Anza na karatasi moja ya ukweli: bei shilingi 25,000; ikijaa inawaka kwa saa 6; dhamana mwaka 1; inachaji simu; siku ya mawingu haijai vizuri. Skripti zote mbili zichote humo.

Kwa mwanafunzi: "Uko swali la nne la hesabu, koroboi inafuka, macho yanawasha. Taa hii haina moshi. Ianike juani mchana, usiku isomee saa sita mfululizo." Neno "mfululizo" lisiachwe. Ukisema "usiku saa sita" tu, msikilizaji ataelewa usiku wa manane. Usimwambie pia "mwombe mama akununulie". Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 yanakataza tangazo kumsukuma mtoto hivyo, na mimi naona ni sahihi hata pasipo sheria hiyo: mtoto hana hela, atabaki kumsumbua mama yake.

Kwa mzazi: "Mzazi, mafuta ya taa ya shilingi mia tano kila siku, kwa siku hamsini ni elfu ishirini na tano. Hiyo ndiyo bei ya taa hii, na ina dhamana ya mwaka mmoja. Hata simu inachaji." Hesabu hii ni kweli tu kwa nyumba inayotumia kiasi hicho na itakayoacha mafuta kabisa, kwa hiyo waulize wazazi wa eneo lenu kwanza wanatumia kiasi gani.

Sasa zisome zote mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, kana kwamba baba na binti yake wamekaa chumba kimoja. Hapo ndipo kasoro hujitokeza. Binti ameahidiwa saa 6 za kusoma, baba ameahidiwa chaji ya simu, na betri ni moja. Jioni baba akichomeka simu, saa 3 usiku taa inafifia binti akiwa katikati ya zoezi. Kila skripti imesema kweli, lakini zikikaa pamoja zimedanganya nyumba nzima.

Dawa ni kuiingiza sentensi moja katika skripti zote mbili, kwa maneno yaleyale: "Ukichajia simu, muda wa kusoma unapungua." Ya mawingu nayo iingie kote. Maneno yakizidi 60, punguza ya moshi na ya dhamana, hizi mbili zibaki.