Monorepo au repo nyingi: mpaka wa repo unabeba nini

Monorepo ni repo moja inayotunza msimbo wa miradi mingi. Haina maana ya programu moja kubwa. Ndani yake zinaweza kuwamo huduma kumi, kila moja ikiwekwa kwenye seva kivyake. Kinyume chake ni kila mradi kuwa na repo yake.

Chukua duka la mtandaoni lenye maktaba ya `bei` inayotumiwa na huduma mbili, `malipo` na `risiti`. Mmeamua kiasi kihesabiwe kwa senti badala ya shilingi. Kwenye monorepo unafungua tawi moja, unabadilisha zote tatu, na majaribio yanazipima pamoja. Kwenye repo tatu yanakuwa matawi matatu yenye foleni: kwanza `bei` itoe toleo 2.0.0, kisha kila huduma ilifuate kwa wakati wake. `malipo` ikitangulia na `risiti` ikachelewa, mteja aliyelipa shilingi 5,000 anapata risiti ya 500,000.

Monorepo haikuponyi hapo moja kwa moja. Msimbo umeungana kwa mara moja, lakini seva hazisasishwi kwa sekunde moja, na risiti ile ile ya ajabu inaweza kutoka katikati. Dawa ni `malipo` kutuma sehemu mpya, `kiasi_senti`, sambamba na ile ya zamani mpaka `risiti` ihamie. Jambo jingine: tawi lililokaa wiki tatu linaumiza zaidi kwenye monorepo, kwa sababu `main` inasukumwa na watu wote. Google, wenye monorepo mashuhuri kuliko zote, hufanya kazi karibu yote kwenye shina.

Kwenye ruhusa, Git haina huruma. Anayeweza kunakili repo anasoma folda zote, pamoja na historia yake. Faili la `CODEOWNERS` huamua nani aombwe kukagua mabadiliko ya folda fulani, na halimzuii mtu kusoma chochote. Hata huo ukaguzi haulazimishwi mpaka uwashe ulinzi wa tawi. Kwa hiyo ukiajiri kibarua wa miezi miwili asiyepaswa kuona `malipo`, hapo repo ya pembeni haina mjadala.

Kuhusu matoleo, tagi ya Git hushika hali ya repo nzima. Kwenye monorepo `v1.4.0` peke yake haisemi ni ya nani, hivyo jina la mradi hutangulia:

```
git tag malipo/v1.4.0
git log --oneline malipo/v1.3.0..malipo/v1.4.0 -- malipo bei
```

Angalia hiyo `bei` mwishoni. Wengi huiacha, na mtambo wao wa kujenga unatazama folda ya `malipo` tu. Mtu akigusa maktaba, `malipo` haijengwi upya wala kupimwa, kila kitu kinaonyesha kijani, na kosa linakuja kuonekana wiki ijayo kwa mtu aliyebadilisha mstari mmoja usiohusika kabisa.