Hiace ya kusambaza mikate: kukodi au kununua?

"Nasambaza mikate Mtwara hadi Masasi. Hiace ni milioni 30. Kuikodi ni milioni 8 kwa mwaka, miaka 4 jumla milioni 32. Kukodi si kutupa hela?"

Hesabu hiyo inajumlisha shilingi ya leo na ya mwaka wa nne kana kwamba zina uzito mmoja. Mafuta na mshahara wa dereva viache, maana utalipa vyovyote vile. Hata hela uliyokwisha mpa fundi akague gari haihusiki tena.

Tuseme mkopo wako una riba ya asilimia 16 kwa mwaka: kupata thamani ya leo, hela ya baadaye igawe kwa 1.16 kwa kila mwaka wa kusubiri. Ada za kukodi, zikilipwa kila mwisho wa mwaka, leo zina thamani ya milioni 22.4. Ukinunua unatoa 30 papo hapo, na matengenezo ya milioni 1 kwa mwaka, ambayo ukikodi yangekuwa ya mwenye gari, ni 2.8. Baada ya miaka 4 unaliuza milioni 12, ila kwa leo hiyo ni 6.6 tu. Gharama halisi ya kununua: 26.2, hivyo kukodi ni nafuu.

Lakini soma mkataba: ada ikidaiwa mwanzoni mwa mwaka, kukodi kunapanda hadi milioni 26, karibu sawa na kununua.